Paleti ikae wapi, katoni itoke wapi: kupanga nafasi za ghala la usambazaji ndani ya Odoo

Katika ghala la usambazaji lenye pilikapilika, mfumo huulizwa maswali mawili mchana kutwa: paleti iliyoshushwa sasa hivi ikawekwe wapi, na katoni inayodaiwa na oda hii ikatolewe wapi. Mara nyingi majibu yake hupangwa na watu wawili tofauti, msimamizi wa mapokezi na msimamizi wa upakiaji, kila mmoja akitazama upande wake wa ghala. Kazi yangu ni kuweka mifumo ya namna hii, na msimamo wangu ni kwamba kanuni za kupanga mzigo ziandikwe mwisho, baada ya kukubaliana oda zitakusanywaje. Anayeanza na mapokezi hupata rafu zinazopendeza macho na wakusanyaji wanaohangaika kutwa.

Nitaeleza kwa mfano wa ghala moja la vinywaji na vyakula vya kufungashwa lililoko kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ambako tulitumia Odoo 17, programu ya kuendesha biashara yenye sehemu ya kusimamia ghala. Ghala hilo hupokea maziwa ya pakiti, juisi, biskuti na sabuni, na hupeleka maduka ya jumla ya Kariakoo, Mbagala, Kimara na Tegeta. Bidhaa nitakayoifuata ni juisi ya embe, kwa kuwa ndiyo iliyotoka kwa wingi na ina tarehe ya kuisha muda.

Tuanze na jina la nafasi. Kila nafasi ya rafu hupewa anwani inayosomeka kwa mpangilio mmoja: korido, safu, kisha ngazi. Anwani A-02-1 ni korido A, safu ya pili, ngazi ya chini kabisa. Sifuri iliyotangulia 2 ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Odoo ikiambiwa itoe mzigo kwa mkakati wa `Closest Location`, haipimi umbali wowote. Hupanga majina ya nafasi kwa alfabeti na kuanza na la kwanza. Kwa alfabeti, A-10 hutangulia A-2. Ukiziita safu zako A-1, A-2 hadi A-12, mkusanyaji atatoka safu ya kwanza akatumwa ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, ndipo arudishwe ya pili. Programu ya Barcode nayo hupanga mistari ya kazi kwa kufuata jina la nafasi ya kutolea, kwa hiyo kasoro hiyo itamfuata hata pale ambapo mkakati ni mwingine. Dalili yake ni rahisi kuitambua: simama mwisho wa korido kwa nusu saa utazame kama mtu mmoja anakupita mara mbili akiwa na oda ileile.

Kwa kuwa jina ndilo njia, njia ipangwe kwanza ndipo majina yaandikwe. Korido A huhesabiwa kutoka mlangoni kwenda ndani, na korido B huhesabiwa kutoka ndani kurudi mlangoni, ili mkusanyaji aingie kwa A na kutoka kwa B bila kurudi nyuma mikono mitupu. Watu wengi hulalamika siku za mwanzo kwamba B-01 iko mbali na mlango, na ni kweli inawachanganya wageni. Lakini kibao kikubwa cha rangi mwanzoni mwa korido humaliza tatizo hilo, ilhali hatua zinazopotea kila oda haziwezi kumalizwa na kibao.

Jambo la pili ni kutenganisha nafasi za kukusanyia na nafasi za akiba. Ngazi ya kwanza na ya pili hufikiwa kwa mkono. Ngazi ya tatu kwenda juu zinahitaji foklifti. Ndani ya mfumo tuliziweka kama matawi mawili yaliyo sambamba chini ya hisa kuu:

```
WH/Stock/KUSANYA/A-02-1
WH/Stock/KUSANYA/A-03-1
WH/Stock/AKIBA/A-02-4
```

Sababu ya kutenganisha hivyo ni hii. Juisi ina muda wa kuisha, kwa hiyo kundi lake la bidhaa limewekewa mkakati wa `FEFO`, yaani bechi inayokaribia kuisha ndiyo inayotoka kwanza. Odoo inapotenga mzigo kwa ajili ya oda, hutafuta bechi ndani ya nafasi iliyotajwa kwenye operesheni pamoja na matawi yake yote. Operesheni ya kukusanya ikiwa imeelekezwa `WH/Stock`, na bechi ya zamani zaidi iko ngazi ya nne, mfumo utamtuma kijana mwenye kitoroli akachukue katoni 3 kutoka urefu ambao hawezi kuufikia. Atafanya nini? Atachukua katoni 3 zilizo mbele yake chini na kubonyeza kwamba amemaliza, na kuanzia hapo mfumo na rafu havisemi jambo moja. Kwa hiyo tulibadilisha nafasi ya kutolea ya operesheni ya kukusanya, kwenye kanuni ya njia na kwenye aina ya operesheni yenyewe, ikawa `WH/Stock/KUSANYA`. Mkusanyaji hatumwi tena juu. Paleti ndiyo inayoshushwa.

Hapo FEFO hufanya kazi mara mbili. Foklifti inaposhusha paleti kutoka akiba, mfumo humchagulia dereva bechi inayotangulia kuisha, na mkusanyaji anapokuja chini anakuta bechi moja au mbili tu za juisi ileile. Mgongano kati ya kufuata tarehe na kufuata njia fupi, ambao huwasumbua watu wengi kana kwamba lazima wachague kimoja, hupungua mno, kwa sababu tarehe imekwisha kuamuliwa huko juu na chini kumebaki njia. Sabuni, ambayo hapo haikufuatiliwa kwa tarehe, tuliipa `Closest Location` moja kwa moja. Kumbuka kwamba mkakati uliowekwa kwenye kundi la bidhaa hutangulia ule uliowekwa kwenye nafasi. Mtu akibadilisha wa nafasi na asione tofauti, atazame kundi la bidhaa kwanza.

Sasa ndipo tunaweza kuzungumzia kupanga mzigo unaoingia. Tulichagua mapokezi ya hatua mbili: mzigo hushushwa kwenye `WH/Input`, huhesabiwa, hubandikwa lebo ya paleti na kuandikiwa bechi na tarehe yake, kisha hupelekwa rafuni kwa hati ya pili. Kanuni ya kwanza ya juisi inasema kwamba chochote kitakachofika `WH/Stock` kihifadhiwe `AKIBA`, kwenye nafasi yenye kundi la uhifadhi tulilolipa jina la Paleti Moja. Kundi hilo, linalotengenezwa kwenye `Storage Categories`, ndilo linalobeba mipaka: uzito usiozidi kilo 1,000, paleti moja tu kwa nafasi, na sharti la `If location is empty`.

Sharti hilo la mwisho linahitaji maelezo, kwa maana ndipo wengi hujikwaa. Odoo inatoa chaguo jingine linaloonekana kufaa zaidi, `If all products are same`, linaloruhusu bidhaa ileile kuongezwa kwenye nafasi ambayo tayari inayo. Tatizo ni kwamba linalinganisha bidhaa, wala halitazami bechi. Juisi inayoisha Septemba na juisi inayoisha Novemba ni bidhaa moja kwa macho ya sharti hilo, na zitawekwa pamoja. Mfumo utaendelea kuzijua kama bechi mbili, lakini dereva wa foklifti aliye mbele ya katoni zilizopangana hatazichambua. Kwa bidhaa yenye tarehe, nafasi ya akiba iwe ya paleti moja yenye bechi moja, hata kama hapa na pale nusu paleti itakalia nafasi nzima. Nafasi inayopotea inaonekana na inaweza kupimwa. Bechi zilizochanganyika hazionekani hadi duka lirudishe mzigo.

Kuhusu uzito, hesabu ya juisi ilikuwa hivi. Katoni moja ina pakiti 12 za lita moja na ina uzito wa takriban kilo 12.5. Paleti ina katoni 72, yaani katoni 9 kwa tabaka na matabaka 8, kwa hiyo mzigo wake ni kilo 900 kabla ya kuongeza mbao zenyewe. Uko chini ya kilo 1,000, lakini si kwa mbali. Mfumo hauna mizani. Hutumia uzito ulioandikwa kwenye fomu ya bidhaa. Bidhaa ambayo uzito wake umeachwa sifuri haitafikia kikomo kamwe, hata ukiirundika mara tatu. Kabla ya kuamini mipaka ya uzito, toa orodha ya bidhaa zote zenye uzito sifuri na uijaze. Rafu iliyozidiwa uzito ni hatari kwa watu wanaopita chini yake.

Bidhaa ikiwa na kanuni zaidi ya moja, Odoo huanza na ile iliyo mahususi zaidi: inayotaja aina ya kifungashio pamoja na bidhaa, kisha kifungashio pamoja na kundi la bidhaa, kisha kifungashio peke yake, kisha bidhaa, na mwisho kundi la bidhaa. Mpangilio huu ulitusaidia kuitenga sabuni na vyakula. Biskuti hushika harufu, hivyo kundi zima la sabuni lilipewa kanuni ya kwenda korido D, na hatukulazimika kuandika kanuni kwa kila sabuni mpya inayoletwa na mfanyabiashara.

Je, mfumo ukikosa nafasi inayokidhi masharti yote hufanya nini? Hausimamishi kazi wala haupigi kelele. Huuacha mzigo kwenye nafasi mama, `WH/Stock` yenyewe, bila anwani ya rafu. Hii ndiyo dalili muhimu kuliko zote katika upande huu wa kazi. Kila asubuhi kabla ya magari ya kwanza, msimamizi afungue ripoti ya nafasi na kuchuja bidhaa zilizoandikwa `WH/Stock` tupu. Kila mstari atakaouona humaanisha moja kati ya mambo machache: nafasi za kundi hilo zimejaa, bidhaa mpya haina kanuni, au paleti imeandikwa aina ya kifungashio isiyo yake. Mzigo ulioachwa hapo upo sakafuni mahali fulani, na kwa kuwa operesheni ya kukusanya inatazama `KUSANYA` pekee, hautatoka kwa oda yoyote hadi mtu auhamishe. Muuzaji ataona kwenye skrini yake kwamba juisi ipo, mkusanyaji ataambiwa haipo, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni nafasi zinazoonekana zimeshikwa ilhali ni tupu. Mfumo unapokagua kama nafasi ina uwezo, huhesabu pia mzigo ambao tayari umepangiwa kwenda hapo lakini haujafika. Hati ya kupeleka rafuni iliyoandaliwa na kusahaulika kwa siku tatu itazuia nafasi kwa siku tatu. Kabla ya kuagiza rafu mpya, angalia hati za ndani zilizochelewa. Nimeona ghala likilalamika kwamba limejaa ilhali nafasi zake zilikuwa zimefungwa na makaratasi.

Twende sasa kwenye kujaziliza nafasi za kukusanyia, sehemu iliyotutaka hesabu ya makini kuliko zote. Juisi ya embe ilipewa nafasi mbili za chini, A-02-1 na A-03-1, kila moja ikibeba paleti moja. Jumla ni katoni 144. Tuliandika kanuni nyingine mbili za kupanga mzigo, safari hii kwa mzigo unaofika `KUSANYA`: jaribu A-02-1 kwanza, ikiwa haifai jaribu A-03-1. Kisha tukaandika kanuni ya kujaziliza yenye kiwango cha chini, kiwango cha juu na fungu la kuongezea, pamoja na njia inayovuta mzigo kutoka `AKIBA`.

Kiwango cha juu ni 144, hilo halina mjadala. Kiwango cha chini hupatikana kwa kuuliza maswali mawili. La kwanza: katika saa yenye kazi nyingi zaidi, katoni ngapi hutoka? Hapo zilikuwa zikitoka karibu 30. La pili: tangu mfumo uombe paleti hadi paleti ifike chini, hupita muda gani wakati foklifti ina kazi nyingine? Tulichukua saa moja na nusu. Kwa hiyo tunahitaji angalau katoni 45 ziwepo wakati ombi linatolewa, tukaweka 48. Lakini kuna mpaka wa upande wa pili ambao hesabu ya mauzo haiuoni. Kiwango cha chini kisizidi paleti moja, yaani 72. Kikiwa 80 pasipo fungu la kuongezea, ombi la katoni 65 litatolewa wakati katoni 79 bado zipo chini, zimeenea kwenye nafasi zote mbili, na dereva atafika na paleti isiyo na mahali pa kuwekwa. Ataiacha katikati ya korido, na korido iliyozibwa huwasimamisha wakusanyaji wa bidhaa nyingine zote.

Fungu la kuongezea liwe 72. Pasipo fungu, katoni zikibaki 47 mfumo utaomba 97 ili kufikia 144, na dereva atalazimika kuvunja paleti huko juu achukue katoni 25 za ziada. Kukiwa na fungu la 72, ombi hushushwa hadi paleti moja kamili, na nafasi mbili za chini kwa jumla huwa na 119. Sharti lake ni kwamba mkusanyaji amalize nafasi moja kabla ya kuanza nyingine. FEFO humsukuma kufanya hivyo pale nafasi mbili zinapokuwa na bechi tofauti. Zikiwa na bechi moja, ni agizo la msimamizi ndilo linalomwongoza.

Oda kubwa huvuruga hesabu hii. Kanuni ya kujaziliza hutazama kiasi kinachotarajiwa kubaki, ikiwa imekwisha kutoa oda zilizothibitishwa. Mteja wa Kariakoo akiagiza katoni 216 za juisi, mfumo utaona upungufu mkubwa na kuomba paleti kadhaa zishushwe kwenye nafasi mbili, ili mtu azikusanye kwa mkono na kuzipanga tena juu ya paleti nyingine. Hiyo ni kazi ya bure. Tuliweka njia ya pili inayochaguliwa kwenye mstari wa oda: idadi ikifika paleti kamili, mzigo hutoka `AKIBA` moja kwa moja hadi kwenye eneo la kupakia, na kinachozidi paleti kamili ndicho kinachopita kwa wakusanyaji. Ni muuzaji anayechagua njia hiyo, hivyo ni lazima afundishwe idadi ya katoni kwa paleti ya kila bidhaa kubwa, na ajue kwamba katoni 215 ni paleti mbili na katoni 71 za mkono.

Kwa oda ndogo, swali ni kama mkusanyaji ashike oda moja au nyingi kwa pamoja. Maduka ya njia ya Mbagala yalikuwa yakiagiza mistari michache kila moja, na mengi yalitaka bidhaa zilezile. Kukusanya oda mojamoja kulimfanya mtu apite mbele ya juisi mara nyingi kama idadi ya maduka. Tuliunganisha oda za gari moja kwa `Batch Transfer`, mkusanyaji akawa anachukua katoni za maduka yote kwa mzunguko mmoja na kuzigawa eneo la kupakia. Hii hufaa pale eneo la kugawia lina nafasi na mtu makini. Kwa vitu vidogo vinavyouzwa kwa kipande, kugawa baadaye huleta makosa, hivyo tulitumia kitoroli chenye makreti sita, kila kreti ikiwa kifurushi cha duka moja, na mgawanyo ukafanyika rafuni palepale.

Wakati wa kutenga mzigo nao una uzito wake. Aina ya operesheni ikiwa imewekwa itenge mara oda inapothibitishwa, oda ya Ijumaa iliyoandikwa Jumatatu itashika bechi inayokaribia kuisha, na maduka ya Jumanne yatapelekewa bechi yenye muda mrefu zaidi. Oda hiyo ya Ijumaa ikifutwa, bechi fupi imeshapoteza siku nne rafuni. Tulibadilisha iwe kabla ya tarehe iliyopangwa, kwa siku moja, na bechi fupi zikaanza kutoka kwa wakati.

Kipimo cha kujua kama yote haya yanafuatwa ni hisa hasi. Fungua orodha ya hisa kwa bechi na utafute nafasi yenye kiasi kilicho chini ya sifuri. Bechi moja ikiwa na hasi 6 mahali ambapo bechi nyingine ya bidhaa ileile ina ziada ya 6, hakuna kilichoibiwa; mtu alichukua katoni zilizo mbele na kuandika bechi tofauti. Hasi zikijirudia kwenye nafasi ileile, tazama rafu yenyewe: huenda paleti mpya inawekwa mbele ya ile ya zamani, au lebo ya bechi imegeukia ukutani.

Lipo jambo moja ambalo FEFO haikututatulia. Supamaketi hudai mzigo wenye sehemu kubwa ya muda wake uliobaki, na FEFO haimtofautishi mteja mmoja na mwingine. Humpa kila aliyefika bechi fupi kuliko zote. Kwa wateja hao, mtu wa ofisi ya upakiaji huchagua bechi kwa mkono kabla hati haijaenda kwa mkusanyaji, na bechi ndefu wanazohitaji hushushwa kwenye nafasi mbili zilizotengwa mwishoni mwa korido B, karibu na mlango wa magari yao.